Nani Aliwapa Kalamu? Dondoo ya Muhtasari ya Kubadilisha Watia Saini wa Akaunti

Chama hakina mkono. Kina jina, kina cheti cha usajili na kina fedha benki, lakini hakiwezi kushika kalamu. Kila hundi na kila hati ya kuhamisha fedha husainiwa na watu ambao chama kimewapa ruhusa hiyo. Watu hao wanapobadilika, benki hubaki na swali moja tu: hawa waliokuja leo wametumwa na nani? Jibu halitolewi kwa mdomo. Halitolewi hata kwa barua ya mwenyekiti peke yake, maana mwenyekiti naye ni miongoni mwa wanaopaswa kuulizwa. Hutolewa na karatasi moja au mbili zinazonukuu azimio la kikao chenye mamlaka, na chini yake mtu anayewajibika anathibitisha kwa saini yake kwamba nukuu hiyo ni ya kweli. Hiyo ndiyo dondoo ya muhtasari iliyothibitishwa.

Kwenye kaunta mara nyingi utaambiwa tu, "Leteni muhtasari." Basi katibu anarudi ofisini, anachukua muhtasari mzima wa kikao, kurasa saba, unaotaja nani anadaiwa mchango, nani ameonywa kwa utovu wa nidhamu na mzozo wa kiwanja umefikia wapi, anaupeleka benki. Benki haihitaji mambo hayo, na chama hakina sababu ya kuyatoa nje. Inafaa kumuuliza ofisa kama anataka muhtasari wote au dondoo ya azimio. Benki nyingi hupokea dondoo, mradi imethibitishwa ipasavyo na inajitosheleza.

Hilo la kujitosheleza ndilo linalowashinda wengi. Dondoo huandikwa kama taarifa ya kilichojiri, wakati kazi yake ni mbili kwa pamoja: ni ushahidi kwamba uamuzi ulifanywa na wenye mamlaka, na ni agizo kwa benki juu ya nini cha kufanya kuanzia sasa. Ofisa wa makao makuu, ambaye hajawahi kukanyaga mji wenu na hana wa kumpigia simu, anapaswa kuisoma na kujua ni akaunti ipi, nani anatoka, nani anaingia, watasaini vipi, kwa idhini ya chombo gani, na nani anabeba dhamana ya maneno hayo. Kimojawapo kikikosekana, karatasi inarudi.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Ni mfano wa kutunga, lakini kila kipande chake hutokea. Kuna chama cha wanachama mjini Tanga, kimesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, kina Kamati ya Utendaji yenye wajumbe 9, na akidi ya vikao vyake kwa katiba ni wajumbe 5. Akaunti yake ina watia saini watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mweka hazina amefariki. Katibu amehamia Mwanza kikazi na amejiuzulu. Amebaki mwenyekiti peke yake, na utaratibu uliopo benki unadai saini mbili.

Chombo chenye mamlaka

Kosa la kwanza hutokea kabla hata ya kalamu kugusa karatasi, nalo ni kukaa kikao kisicho na uwezo wa kuamua jambo hilo. Kabla ya kuandika chochote, katiba ya chama isomwe sehemu mbili: inayosema viongozi wanachaguliwa na nani, na inayosema watia saini wanateuliwa na nani. Mara nyingi si chombo kimoja. Katika mfano wetu, katibu na mweka hazina huchaguliwa na Mkutano Mkuu, lakini watia saini huidhinishwa na Kamati ya Utendaji kutoka miongoni mwa viongozi waliochaguliwa. Kamati ikikaa haraka na kumteua fulani "akaimu uweka hazina na awe mtia saini", wakati katiba haiipi uwezo wa kujaza nafasi hiyo, azimio lote linasimama hewani. Benki huwa imepewa nakala ya katiba siku akaunti ilipofunguliwa, na ofisa makini huifungua.

Kwa hiyo kuna mnyororo wa pingili mbili: Mkutano Mkuu unachagua, kisha Kamati inaidhinisha. Dondoo ya Kamati lazima itaje pingili ya kwanza kwa tarehe yake, na ni vyema nakala ya dondoo ya Mkutano Mkuu iambatishwe. Vilevile mabadiliko ya viongozi yafikishwe kwa msajili anayehusika. Kwa kampuni ya Tanzania huyo ni BRELA, na kwa Kenya benki hutaka CR12 inayoonyesha wakurugenzi wa sasa. Kwa taasisi zenye wadhamini waliosajiliwa nchini Tanzania, orodha ya wadhamini iko RITA. Benki hulinganisha majina ya dondoo na majina ya msajili, na yakigongana hufuata ya msajili hadi mtakapoyarekebisha huko.

Kampuni huwa na njia fupi kidogo, kwa sababu kwa kawaida Bodi ya Wakurugenzi ndiyo yenye mamlaka juu ya akaunti, na mtia saini si lazima awe mkurugenzi. Mhasibu mwajiriwa anaweza kuidhinishwa. Katiba nyingine za kampuni huruhusu pia azimio la maandishi linalozungushwa na kusainiwa na wakurugenzi wote bila kukutana. Likitumika hilo, dondoo isidai kwamba kulikuwa na kikao. Iseme wazi kuwa ni azimio la maandishi na itaje tarehe ya saini ya mwisho. Dondoo inayotaja ukumbi na saa ya kikao ambacho hakikuwahi kukaliwa ni hati ya uongo, hata kama wakurugenzi wote wanakubaliana na kilichomo.

Azimio liandikwe kabla ya kikao

Katibu hana ruhusa ya kuboresha azimio anapoandika dondoo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndilo kishawishi kikubwa cha kazi hii. Kikao kimesema, na muhtasari umeandika, "Wajumbe walikubaliana kubadilisha waweka saini." Benki inahitaji majina, akaunti, masharti. Katibu, kwa nia njema kabisa, anakaa mezani anaandika azimio zuri lenye vipengele sita ambavyo hakuna mjumbe aliyevisikia, kisha anathibitisha kuwa ni "nukuu sahihi". Hiyo si nukuu. Siku mjumbe mmoja atakapolalamika kuwa hakukubali utaratibu huo wa kusaini, daftari la mihtasari litaletwa, maneno yatalinganishwa, na aliyethibitisha atakuwa hana pa kushika.

Dawa yake ni rahisi. Rasimu ya azimio iandaliwe kabla ya kikao, ikiwezekana kwa kufuata maneno ya fomu ya benki yenyewe, kwani benki nyingi zina maneno yao zinayoyataka. Rasimu isomwe kikaoni, ijadiliwe, irekebishwe kama ipo haja, ipitishwe, kisha iingizwe kwenye muhtasari neno kwa neno. Baada ya hapo dondoo haina cha kutungwa. Ni kunakili tu.

Swali linalowasumbua makatibu hapa ni hili: muhtasari huthibitishwa katika kikao kinachofuata, ambacho kinaweza kuwa miezi mitatu baadaye, na benki inataka dondoo wiki hii. Hakuna kizuizi. Uamuzi huanza kuwa na nguvu unapopitishwa, isipokuwa azimio lenyewe au katiba iseme vingine. Kikao kinachofuata huthibitisha kwamba kumbukumbu ni sahihi. Hakiupigii uamuzi kura upya. Hata hivyo, ili benki isipate wasiwasi, mwenyekiti na katibu wanaweza kusaini sehemu ya azimio hilo siku ileile, kikao kikiwa bado kimekaa na wajumbe wakiwa wamesomewa. Inachukua dakika chache.

Ndani ya azimio lenyewe, kipengele kinacholeta madhara makubwa kuliko vyote ni kile cha namna ya kusaini. Tazama sentensi hii, ambayo ni ya kawaida sana: "Watakaosaini ni Mwenyekiti na Katibu au Mweka Hazina." Msomaji mmoja ataelewa kuwa mwenyekiti lazima awepo, na mwenzake awe katibu au mweka hazina. Mwingine ataelewa kuwa mwenyekiti na katibu husaini pamoja, au vinginevyo mweka hazina husaini peke yake. Tafsiri ya pili inamwachia mtu mmoja akaunti yote. Ofisa wa benki hatakiwi kubahatisha mliyoyakusudia, kwa hiyo atairudisha karatasi. Akiwa mzembe ataipokea, na hapo balaa huwa limeahirishwa tu. Sentensi moja ndefu ivunjwe iwe tatu fupi: wangapi wanasaini, nani hawezi kukosekana, na nani hawawezi kusaini bila nani.

Ipo pia hekima ya kuchagua utaratibu wenyewe. Kumfanya mwenyekiti awe lazima katika kila malipo kunampa mtu mmoja uwezo wa kuifunga akaunti kwa kuugua, kusafiri au kukasirika tu. Mimi ningependelea "wawili wowote kati ya watatu" kwa chama kidogo, kwa kuwa bado hakuna anayeweza kutoa fedha peke yake, na kukosekana kwa mmoja hakuzuii mazishi wala matibabu ya mwanachama kulipiwa. Lakini katiba ya chama chetu cha mfano inamtaka mwenyekiti awepo, na azimio la Kamati haliwezi kuipiku katiba. Wakitaka kulegeza, waanze na Mkutano Mkuu.

Majina nayo yanastahili subira. Azimio litaje mtu kwa jina na kwa cheo. Cheo bila jina hakitoshi, kwa sababu benki inawajibika kumtambua binadamu mwenyewe: sheria za kuzuia utakasishaji wa fedha haramu, ya Tanzania ya mwaka 2006 na ya Kenya ya mwaka 2009, zinaitaka benki imjue mteja wake, na hilo linawafikia wanaoiendesha akaunti kwa niaba yake. Jina liwe lilelile la kitambulisho, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule. Hapa pwani ndipo dondoo nyingi hukwama: azimio linasema Mohamed, kitambulisho cha NIDA kinasema Muhammad, leseni inasema Mohamedi. Said na Saidi, Hadija na Khadija, jina la baba likiwa katikati kwenye karatasi moja na mwisho kwenye nyingine. Katibu aombe nakala za vitambulisho kabla ya kikao na aandike rasimu akizitazama, wala si kwa kukumbuka mtu anavyoitwa mtaani.

Halafu kuna wanaotoka. Azimio linalosema tu "tumewateua fulani na fulani kuwa watia saini" linaweza kusomwa kuwa ni nyongeza, na benki ikawa na watia saini watano badala ya watatu. Kufutwa kwa wa zamani kuandikwe waziwazi, kwa majina yao, na kuguse kila mlango. Mtu aliyeondolewa kwenye kadi ya saini anaweza kubaki na nywila yake katika huduma ya benki kwa mtandao, kwa sababu mara nyingi huko kuna fomu tofauti na orodha tofauti ya nani anaandaa malipo na nani anayaidhinisha. Nimeona chama kikipumua kwa kudhani kimemaliza, kumbe simu ya aliyeondoka ilikuwa bado inapokea namba za siri za kuidhinisha miamala.

Dondoo yenyewe

Hivi ndivyo dondoo ya chama chetu ingesomeka, ikiwa kwenye karatasi yenye kichwa cha chama. Majina yameachwa wazi.

DONDOO YA MUHTASARI WA KIKAO CHA KAMATI YA UTENDAJI

Chama: …………… (kama kwenye cheti). Namba ya usajili: ……………

Kikao cha kawaida kilichofanyika ofisi ya chama, Tanga, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, kuanzia saa 4:00 asubuhi. Wajumbe waliohudhuria: 6 kati ya 9. Akidi kwa mujibu wa katiba ni wajumbe 5. Akidi ilitimia.

Ajenda ya 4: Kubadilisha watia saini wa akaunti ya chama

Kwa kuwa Mkutano Mkuu wa tarehe 24 Mei 2025 ulimchagua …………… kuwa Katibu na …………… kuwa Mweka Hazina, Kamati imeazimia kwa kauli moja kwamba:

(a) Mamlaka ya ……………, aliyekuwa Katibu, na ya marehemu ……………, aliyekuwa Mweka Hazina, katika akaunti namba …………… iliyopo Benki ya ……………, Tawi la ……………, yamefutwa, ikiwa ni pamoja na mamlaka yao katika huduma za benki kwa mtandao.

(b) Kuanzia sasa watia saini wa akaunti hiyo ni watatu: ……………, Mwenyekiti, anayeendelea, ……………, Katibu, na ……………, Mweka Hazina.

(c) Kila malipo yatasainiwa na watia saini wawili. Mmoja wao lazima awe Mwenyekiti. Katibu na Mweka Hazina hawatasaini malipo bila Mwenyekiti.

(d) Mamlaka haya yanahusu hundi, hati za kuhamisha fedha na kuidhinisha malipo kwa mtandao. Hayahusu kukopa, kuweka mali ya chama rehani wala kufunga akaunti.

(e) Benki ilipe hundi zilizosainiwa ipasavyo na watia saini wa awali kabla ya tarehe ya azimio hili, ambazo zimeorodheshwa kwenye kiambatisho.

(f) Azimio hili litatumika hadi benki itakapopokea azimio jingine la Kamati kwa maandishi.

UTHIBITISHO

Tunathibitisha kuwa maneno yaliyo hapo juu ni nukuu kamili na sahihi ya azimio lililoandikwa katika daftari la mihtasari la chama. Kuwa kikao kiliitishwa na kuendeshwa kwa kufuata katiba na akidi ilikuwepo wakati azimio linapitishwa. Na kuwa azimio hilo halijabadilishwa wala kufutwa na lina nguvu hadi leo, tarehe 17 Juni 2025.

Saini, majina na vyeo: Katibu, Mwenyekiti. Mhuri wa chama.

Kipengele cha (d) huachwa na wengi, na nadhani ni kosa. Kuruhusiwa kusaini malipo si kuruhusiwa kukiingiza chama kwenye deni, lakini maneno mapana kama "kufanya miamala yote ya kibenki" yanaweza kuja kutumiwa kuhalalisha mkopo ambao Kamati haikuujua. Kipengele cha (e) nacho kina kazi yake: hundi aliyoisaini marehemu pamoja na mwenyekiti kabla ya kifo, ikaandikiwa muuza vifaa, inaweza kufika benki baada ya azimio. Akaunti ni ya chama na hundi ilisainiwa wakati marehemu ana mamlaka, lakini ofisa anayeona saini iliyokwisha kufutwa atasita. Orodha ya hundi zilizo nje, zikiwa na namba na kiasi, inamwondolea shaka, na wakati huohuo inazuia hundi iliyosainiwa tupu isije kujazwa baadaye.

Anayethibitisha anathibitisha nini

Rudi kwenye sehemu ya uthibitisho uone kuwa ina madai matatu yasiyofanana. La kwanza linahusu maandishi: nukuu inalingana na daftari. La pili linahusu kikao: kiliitishwa sawasawa na akidi ilikuwepo. La tatu linahusu leo: tangu siku ya kikao hadi siku ya kuthibitisha hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana tarehe ya uthibitisho hutofautiana na ya kikao, na ndiyo maana dondoo iliyokaa miezi kadhaa kabatini haifai kupelekwa hivihivi. Huthibitishwa upya.

Ukishaona hivyo, utaelewa kwa nini mhuri wa wakili hauwezi kuziba pengo. Watu wengi wakirudishwa benki hukimbilia kwa wakili, wanapigiwa mhuri wa "nakala sahihi ya hati halisi" na kudhani dondoo sasa imethibitishwa. Wakili ambaye hakuhudhuria kikao anaweza kusema jambo moja tu, kwamba nakala aliyoiona inafanana na hati aliyoletewa. Hajui kama wajumbe walikuwa sita au wawili. Mhuri wake una manufaa kwa nakala za vitambulisho na cheti cha usajili, na benki nyingine huutaka hata juu ya dondoo, lakini unakuja baada ya uthibitisho wa viongozi. Hauwi badala yake.

Nani basi athibitishe? Kwa kawaida ni katibu, kwa kuwa ndiye mtunza daftari, na kwa kampuni ni katibu wa kampuni au mkurugenzi. Tatizo la mfano wetu ni kwamba katibu ni mgeni na ni mmoja wa wanaoingia. Akithibitisha peke yake atakuwa anajitolea ushahidi kuhusu mamlaka yake mwenyewe. Ndiyo sababu mwenyekiti, ambaye tayari anajulikana benki na saini yake ipo kwenye kadi, amesaini pamoja naye. Zaidi ya hapo, katibu aliyehamia Mwanza bado yuko hai na mamlaka yake benki hayajafutwa rasmi. Barua ya kusindikiza dondoo ikisainiwa na mwenyekiti pamoja naye, benki inakuwa imeelekezwa na saini zilezile inazozitambua. Ni saini moja ya kuagana, na inafupisha maswali mengi. Kama asingepatikana, au angekataa, dondoo ingebeba mzigo peke yake, na hapo karatasi ya mahudhurio yenye saini za wajumbe ingefaa iambatishwe.

Ugumu wa benki katika haya una chimbuko la kisheria. Mwaka 1856 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Royal British Bank dhidi ya Turquand. Kampuni ilikuwa imekopa, na hati zake ziliruhusu kukopa endapo wanachama watapitisha azimio. Ilipodaiwa kuwa azimio halikupitishwa ipasavyo, mahakama ilisema mtu wa nje ana haki ya kudhani kuwa taratibu za ndani zilifuatwa. Kanuni hiyo ilisambaa katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, za Afrika Mashariki zikiwemo, na ndiyo inayoipa dondoo thamani: benki ikiipokea kwa nia njema haiwajibiki kwenda kuhesabu viti vya kikao chenu.

Lakini kinga hiyo ina mpaka. Haimlindi aliyejua kuna kasoro, wala aliyeona jambo la kutia shaka akalipuuza. Dondoo ikionyesha wajumbe 4 mahali ambapo katiba inataka 5, kasoro iko wazi mbele ya macho ya ofisa, na benki ikiendelea haitaweza kusema baadaye kwamba ilidhani mambo yako sawa. Na kuhusu kuvuka maagizo ya kusaini, kesi ya kampuni ya Liggett ya Liverpool dhidi ya benki ya Barclays, ya miaka ya 1920, inafundisha vizuri. Maagizo yalitaka saini za wakurugenzi wawili, benki ikalipa hundi zenye saini ya mmoja. Benki ilionekana kuwa na kosa, na nafuu iliyoipata ni kwa kiasi tu ambacho fedha hizo zilikuwa zimelipa madeni halali ya kampuni. Kwa hiyo ofisa anayewarudisha kwa sababu ya idadi ya wajumbe au ya neno "au" lililokaa vibaya anailinda benki yake isije kulipa mara mbili, na katika kufanya hivyo anazilinda fedha za wanachama.

Hali ngumu zaidi ni pale makundi mawili ya chama kimoja yanapopeleka dondoo mbili zinazopingana, kila moja na mhuri wake. Hili limevikumba vyama, makanisa, misikiti na kampuni za kifamilia. Benki haina uwezo wa kuamua nani ni kiongozi halali, hivyo kwa kawaida huzuia utoaji wa fedha hadi msajili au mahakama iseme. Mambo mawili huipa dondoo nguvu katika mgogoro wa namna hiyo: ushahidi kwamba taarifa ya kikao iliwafikia wajumbe wote, wakiwemo wapinzani, ikiwa na ajenda hii imetajwa kwa jina, na mahudhurio yaliyosainiwa siku hiyohiyo. Kikao kilichobadilisha watia saini chini ya "mengineyo" ni rahisi mno kushambuliwa, hata kama kila aliyekuwepo aliunga mkono.

Kisha kuna siku za katikati. Azimio linawafunga wanachama tangu lilipopitishwa, lakini benki haifungwi nalo hadi lifike mikononi mwake. Kati ya tarehe 14 na tarehe 17, na hata baada ya hapo wakati karatasi ziko njiani kwenda makao makuu, mtia saini aliyeondolewa anaweza bado kusaini na benki ikalipa bila kosa. Penye uhusiano mwema hilo halina neno. Panapokuwa na ugomvi, viongozi wasisubiri dondoo ikamilike: wapeleke siku ileile barua fupi ya kuijulisha benki kuwa mamlaka ya fulani yamefutwa na kuomba malipo yasimame, wakibaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na saa.

Dondoo ikikubaliwa, watia saini wapya huenda tawini na vitambulisho vyao kutoa vielelezo vya saini. Chama kiombe benki ithibitishe kwa maandishi nani wapo sasa kwenye akaunti na nani wapo kwenye huduma ya mtandao, kwa kuwa orodha hizo mbili zinaweza kutofautiana. Barua hiyo isomwe kikao kinachofuata chini ya yatokanayo, ilinganishwe na azimio jina kwa jina, kisha ibandikwe kwenye daftari pamoja na nakala ya dondoo iliyogongwa mhuri wa benki.